Koni katika ardhi ya Gusii: namba inayopimwa na namba inayokisiwa

Koni inayosukumwa ardhini haipimi nguvu ya mfinyanzi. Inapima ukinzani unaoikabili kwenye ncha, msuguano unaoikwaruza ubavuni, na ikiwa ni koni ya kisasa, shinikizo la maji nyuma tu ya ncha. Nguvu ya mfinyanzi huja baadaye, mezani, mhandisi anapochagua namba ya kugawia alichokisoma. Ripoti nyingi za uchunguzi wa udongo huandika nguvu hiyo kana kwamba chombo kimeileta kutoka chini, na msomaji haambiwi kwamba namba ya kugawia ingeweza kuwa 10 au 18, na kwamba jibu lingebadilika karibu maradufu.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira jambo hili ni zito kuliko kwingi, kwa sababu vilima na mabonde yamepakana sana huko. Juu ya miteremko kuna udongo mwekundu mzito uliotokana na kuoza kwa miamba ya volkano ya kale sana, udongo uleule unaobeba chai, migomba na nyumba nyingi za Gusii. Chini, mita mia chache tu kutoka hapo, kuna mfinyanzi wa kijivu uliojaa maji, mara nyingi ukiwa na tabaka jeusi la majani yaliyooza juu yake. Hayo ndiyo mabonde ya mafunjo, kama Sironga huko Nyamira, na mabonde yaliyopandwa mikaratusi, na yale wanakochimba udongo wa matofali ya kuchoma. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, na ardhi tambarare ni haba. Kwa hiyo majengo huteremka kuelekea bondeni. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na nguzo za nyuma kwenye udongo mwekundu na za mbele kwenye mfinyanzi wa kijivu.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuondoa kwanza. Chombo kinachojulikana zaidi katika barabara na viwanja vidogo vya Kenya ni koni ya kupigwa kwa nyundo, ambayo mafundi huiita disipii. Nyundo ya kilo 8 huanguka, na mtu huhesabu milimita ambazo fimbo imezama kwa kila pigo. Kinafaa sana kwa tabaka za barabara. Lakini pigo la nyundo halimpi mtu usomaji wa msuguano wala wa maji, na katika mfinyanzi laini fimbo huzama kwa kishindo bila kueleza kitu. Ninachozungumzia hapa ni koni inayosukumwa polepole, kwa mwendo usiobadilika. Asili yake ni Uholanzi, nchi ya mfinyanzi na mboji ambayo sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari, ambako Pieter Barentsen alianza kuitumia mwaka 1932 kwa kusukuma koni ya chuma kwa nguvu za mikono. Mwaka 1953 Begemann aliongeza bomba fupi nyuma ya ncha ili kupima msuguano peke yake. Vipimo vya umeme vilifuata, kisha kipimo cha shinikizo la maji.

Koni ya kawaida ya leo ina ncha ya nyuzi 60 na kitako cha sentimita za mraba 10, yaani kipenyo cha milimita 35.7. Bomba la msuguano lina eneo la sentimita za mraba 150. Mtambo huisukuma kwa milimita 20 kila sekunde, ikipungua au kuzidi 5 tu, na kompyuta huandika usomaji kila baada ya sentimita moja au mbili. Mwendo huo si wa kubahatisha. Ndani ya mfinyanzi wenye maji, koni hupita haraka kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kutoka kati ya chembe. Udongo hukatika ukiwa na maji yake yote, kama utakavyokatika siku jengo litakapoushinda ghafla. Nguvu anayoitafuta mhandisi ni hiyo: ukinzani wa mfinyanzi dhidi ya kukatika kabla maji yake hayajatoka. Kwenye hesabu huandikwa su, nami nitaitumia alama hiyo.

Kabla ya kuitafuta su, mtu lazima ajue yuko katika tabaka gani. Hapo koni hufanya kazi ambayo shimo la kuchimba haliwezi, kwa kuwa inatoa mstari usiokatika kutoka juu hadi chini. Mchanga huipa ncha ukinzani mkubwa na ubavu msuguano mdogo kwa kulinganisha, chini ya asilimia 1 hivi ya ule wa ncha. Mfinyanzi hufanya kinyume. Ncha huingia kwa urahisi lakini ubavu hushikwa, na uwiano hupanda hadi asilimia 3, 4 au zaidi. Shinikizo la maji husaidia pia. Koni ikipita katika mchanga, maji yaliyo mbele yake hukimbia mara moja na usomaji hubaki ule wa maji yaliyotulia. Ikiingia katika mfinyanzi laini, maji hunaswa na shinikizo hupanda juu sana.

Tuchukue kiwanja cha ukingo wa bonde. Namba zifuatazo ni za mfano nilioupanga kwa ajili ya hesabu, si za kiwanja fulani, ila nimeziweka katika viwango ambavyo udongo wa namna hii hutoa. Maji yako nusu mita chini ya uso wa ardhi. Sentimita 80 za kwanza ni gamba lililokaushwa na jua na mizizi, na ncha inasoma kilopaskali 900. Kutoka hapo hadi mita 1.6 ukinzani unaanguka hadi kPa 150. Kisha unapanda kidogo na kuendelea karibu sawasawa mpaka mita 5.5, ambako unaruka ghafla hadi megapaskali kadhaa, koni inapogusa mwamba uliooza.

Tusimame kwenye kina cha mita 4. Ncha inasoma kPa 320, msuguano kPa 9, na shinikizo la maji kPa 120. Usomaji wa ncha haujakamilika bado. Nyuma ya kitako cha koni kuna upenyo mwembamba ambamo maji huingia na kusukuma ncha kuelekea chini, yakiipunguzia mzigo ambao kipimo kinauhisi. Katika mchanga kosa hilo ni dogo mno, lakini katika mfinyanzi laini linaonekana. Kila koni huja na uwiano wake wa maeneo, a, uliopimwa maabara, na marekebisho ni haya:

```
qt = qc + u2 (1 − a)
```

Tukiweka a = 0.80, ukinzani uliorekebishwa ni 320 + 120 × 0.20, yaani kPa 344. Mtu akipuuza hatua hii hapa, amepoteza kPa 24 tangu mwanzo.

Sasa tunahitaji uzito wa udongo ulio juu ya koni. Gamba lina kilonyutoni 17 kwa mita ya ujazo, tabaka la pili 12 tu, mfinyanzi 16.5. Jumla kwenye mita 4 ni kPa 63. Maji yaliyotulia yanachukua 34 kati ya hizo, na 29 zinabebwa na chembe zenyewe. Ukinzani halisi wa mfinyanzi, baada ya kuuondoa uzito ulio juu, ni 344 − 63, yaani kPa 281. Msuguano wa 9 ni asilimia 3.2 ya hizo.

Robertson, aliyechora mwaka 1990 chati inayotumika zaidi duniani, huziunganisha namba hizi mbili katika kielezo kimoja, Ic. Kwa mita 4 hesabu inatoa 3.02. Kati ya 2.95 na 3.6 chati inasema mfinyanzi. Kati ya 2.60 na 2.95 ni mchanganyiko wa tope na mfinyanzi, na chini ya hapo mchanga unaanza kutawala. Kwa hiyo tabaka hili ni mfinyanzi, na shinikizo la maji linakubali, kwani limezidi lile la maji yaliyotulia kwa kPa 86.

Tupande sasa hadi mita 1.2, kwenye tabaka lile dhaifu. Ukinzani ni kPa 150, uzito wa juu kPa 18, msuguano kPa 8. Hesabu ileile inatoa Ic ya 3.13. Chati inasema tena: mfinyanzi. Lakini mtu akiteremsha kekee ya mkono hapo ataleta juu kitu cheusi, chepesi, chenye nyuzi za mafunjo na harufu ya majani yaliyooza. Hiyo ni mboji, na mboji haijengewi kama mfinyanzi. Chati imekosea kwa sababu haisomi udongo umeumbwa na nini. Inasoma udongo unavyotenda mbele ya koni, na mboji iliyolowa hutenda kwa namna inayofanana na ya mfinyanzi dhaifu. Kidokezo kilikuwepo katika uwiano wa msuguano, asilimia 6, ambao ni mkubwa mno kwa mfinyanzi laini hivyo. Kwa maoni yangu, hakuna uchunguzi wa bonde la Gusii uliokamilika bila angalau shimo moja la kekee kando ya koni. Gharama yake ni saa chache za kazi.

Jambo jingine kuhusu mipaka ya tabaka ni kwamba koni huhisi udongo ulio mbele yake na ulio nyuma yake kwa pamoja. Mfinyanzi wa bonde mara nyingi huwa na ukanda mwembamba wa mchanga ulioletwa na mafuriko ya mto. Ukanda ukiwa na sentimita 10 tu, ncha haiwahi kufikia ukinzani kamili wa mchanga kabla ya kuanza kuuhisi mfinyanzi wa chini, na mchoro huonyesha kijibonge kidogo ambacho chati hukiita tope. Tena bomba la msuguano liko nyuma ya ncha, katikati yake ikiwa sentimita 10 hivi juu, kwa hiyo usomaji wake lazima usogezwe ulingane na kina cha ncha. Usiposogezwa, kila mpaka wa tabaka huzaa tabaka la uongo ambalo halipo ardhini.

Sasa twende kwenye su. Wazo lenyewe ni rahisi. Koni inapozama, inaushinda mfinyanzi kwa namna ileile ambayo msingi mzito ungeushinda, ila iko ndani kabisa. Basi ukinzani halisi lazima uwe ni nguvu ya mfinyanzi mara kizidishio fulani:

```
su = (qt − σv0) / Nkt
```

Kizidishio hicho, Nkt, ndicho chanzo cha mzozo wote. Wataalamu wa nadharia wamekikokotoa kwa njia mbalimbali, lakini kinategemea ugumu wa mfinyanzi, historia yake ya kubebeshwa mizigo, na hata chombo utakacholinganisha nacho. Katika mifinyanzi laini iliyotuama majini, viwango vya kawaida ni 10 hadi 18, na wengi hushika 14 wasipokuwa na taarifa nyingine. Katika mifinyanzi migumu yenye nyufa kizidishio kimefika 20 na hata kupita, kwa sababu koni ndogo husukuma donge zima lisilo na ufa, ilhali jengo hukatika kwa kufuata nyufa.

Kwa kPa 281 zetu, Nkt ya 10 inatoa su ya 28, ya 14 inatoa 20, na ya 18 inatoa 16. Msingi wa mraba juu ya mfinyanzi hubeba takriban mara 6 ya su kabla ya kushindwa, kisha mhandisi hugawanya kwa 3 kwa ajili ya usalama. Uwezo salama unatoka kPa 56 mpaka 31. Anayeandika 10 na anayeandika 18 wamesoma mchoro uleule, na wote wawili wako ndani ya vitabu.

Njia ya kutoka hapo ni kupima nguvu ya mfinyanzi huohuo kwa chombo kingine, pale pale, angalau kwenye kina kimoja au viwili. Chombo kinachofaa zaidi kwa mfinyanzi laini ni kile cha mabawa manne ya chuma yaliyopangwa msalaba, yanayosukumwa chini kisha kuzungushwa polepole mpaka udongo ukatike. Nguvu ya kuzungusha ikijulikana, nguvu ya mfinyanzi hupatikana kwa hesabu ya moja kwa moja. Tuseme mabawa kwenye mita 4 yametoa kPa 22. Hiyo nayo si ya kuchukuliwa hivihivi. Mwaka 1972 Laurits Bjerrum wa Norwe, baada ya kuchunguza matuta na mashimo yaliyobomoka, alionyesha kuwa mabawa huukadiria juu mno mfinyanzi wenye unato mkubwa, kwa sababu huukata haraka kuliko jengo. Kwa mfinyanzi wenye kielezo cha unato cha 40, marekebisho yake ni kama 0.85. Tunabaki na kPa 19, na Nkt ya kiwanja hiki ni 281 kugawanya kwa 19, karibu 15. Sasa namba 15 ina mzazi. Inaweza kutumika katika mchoro mzima wa tabaka lile la mfinyanzi, na katika mashimo mengine ya koni kwenye kiwanja hicho, bila kurudia kipimo cha mabawa kila mahali.

Su ya 19 inaweza kuhojiwa kwa njia mbili nyingine ambazo hazigharimu kitu. Ya kwanza ni kuigawa kwa ile kPa 29 inayobebwa na chembe. Jibu ni 0.66. Mfinyanzi ambao haujawahi kubeba zaidi ya uzito wake wa leo hutoa 0.22 hivi. Mara tatu ya hapo maana yake ni kwamba mfinyanzi huu umewahi kubanwa zaidi ya ulivyobanwa sasa, na katika bonde linalokauka na kulowa, lililochimbwa mitaro na kupandwa mikaratusi, hilo linaaminika, maana maji yakishuka chembe hubanana. Jibu kama hilo lingetoka kwenye kina cha mita 12 katika bonde ambalo halijawahi kukauka, ningeshuku kipimo. Njia ya pili ni msuguano wa ubavuni. Udongo unaogusa bomba umeshavurugwa na ncha, kwa hiyo kPa 9 ni karibu na nguvu ya mfinyanzi uliokandwa. Kumi na tisa kwa tisa ni mara mbili: mfinyanzi huu ukivurugwa hupoteza nusu ya nguvu yake. Mkandarasi anayepitisha trekta juu ya sakafu ya shimo la msingi anafanya kazi hiyo ya kuvuruga.

Turudi kwenye jengo. Mwenye kiwanja anataka ghorofa tatu, na fundi amechimba nusu mita, akaona gamba gumu, akaridhika. Gamba lina ukinzani wa kPa 900, na kwa Nkt ya 14 linatoa su ya 64 na uwezo salama wa zaidi ya kPa 120. Hesabu hiyo ni sahihi kwa gamba. Lakini gamba limebaki sentimita 30 tu chini ya msingi. Msingi wa nguzo wenye pande za mita 1.5 ukibeba kPa 100, mzigo ukitawanyika kama kawaida, kPa 69 zinafika juu ya mboji. Mboji ina ukinzani halisi wa kPa 132, na hata tukikubali kuigawa kwa 14, su yake ni 9 na uwezo wake wote, kabla ya kuweka usalama wowote, ni kama kPa 56. Na kPa 100 kwenye msingi huo ni tani 23 hivi, mzigo ambao nguzo ya ndani ya ghorofa tatu huupita mbali. Jengo la namna hii halihitaji msingi mpana zaidi. Linahitaji kuvuka mboji na mfinyanzi hadi kwenye mwamba uliooza wa mita 5.5, au kuhama.

Usomaji mdogo kama wa kPa 320 huleta tatizo lake wenyewe. Koni nyingi zimetengenezwa kustahimili megapaskali 50 au 100 ili zisivunjike kwenye mchanga mgumu. Kosa la sehemu moja kwa elfu ya megapaskali 50 ni kPa 50. Hiyo ni asilimia 18 ya zile kPa 281. Hata daraja kali zaidi la kiwango cha kimataifa ISO 22476-1, toleo la 2012, liliruhusu kosa la kPa 35 kwenye ncha na kPa 5 kwenye msuguano. Kwenye msuguano wa 9, kosa la 5 ni zaidi ya nusu. Ndiyo maana sipendi kuona uainishaji wa tabaka laini ukitegemea uwiano wa msuguano peke yake.

Namna ya kugundua kosa hili ni kutazama usomaji wa sifuri. Koni husomwa ikining'inia bila mzigo kabla ya kuingia ardhini, kisha tena baada ya kutoka na kusafishwa. Namba hizo mbili zikitofautiana kwa kPa 40, hakuna su ya tabaka laini inayoweza kuaminiwa katika shimo hilo. Chanzo cha kawaida ni joto. Koni iliyolazwa juani saa sita mchana, kisha ikaingizwa katika udongo baridi wa bonde, husogeza sifuri yake inapopoa. Dawa ni kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji yenye baridi ya ardhini kwa dakika kadhaa, na kuchukua sifuri ikiwa humo.

Kichujio cha maji nacho huharibika kimyakimya. Ni lazima kijazwe mafuta au maji yasiyo na hata kiputo cha hewa. Koni ikipita katika gamba kavu, gamba hunyonya kimiminika hicho, hewa huingia, na kuanzia hapo shinikizo husomeka kwa kuchelewa na kwa udogo. Dalili ni mchoro wa maji uliolainika, unaopanda polepole kwa nusu mita au zaidi baada ya kuingia kwenye mfinyanzi, badala ya kuruka. Wazoefu huchimba gamba kwa mkono hadi kwenye maji, hujaza shimo maji, ndipo huanza kusukuma.

Yote haya ni ya bondeni. Mlimani mambo hugeuka, na hapo ndipo naona hatari kubwa zaidi ya kuhamisha fomula. Tuseme koni kwenye mteremko mwekundu, mita 4 chini, juu sana ya maji, inasoma kPa 1,600 na msuguano wa 70. Uwiano ni asilimia 4.6, chati inasema mchanganyiko wa tope na mfinyanzi, na Nkt ya 14 inatoa su ya kPa 110. Namba nzuri. Tatizo ni kwamba swali lenyewe halikuwa na maana hapo. Su ni nguvu ya mfinyanzi uliojaa maji yasiyopata nafasi ya kutoka. Udongo huu haujajaa maji. Kati ya chembe zake kuna hewa, na maji machache yaliyopo huzivuta chembe pamoja. Mvuto huo ni sehemu ya ukinzani ambao koni iliuhisi. Ndio unaofanya shimo la choo lichimbwe wima kwa mita nyingi katika udongo wa Gusii bila kuporomoka. Ndio pia unaopungua masika yanapoendelea kwa wiki kadhaa na maji yakapenya chini.

Pamoja na hilo kuna muundo wa udongo wenyewe. Kenya ilikwisha kuupa ulimwengu funzo hili. Bwawa la Sasumua, linaloipatia Nairobi maji, lilijengwa kwa udongo mwekundu ambao vipimo vya kawaida vya maabara viliuonyesha kuwa mfinyanzi wa kutiliwa shaka. Karl Terzaghi aliuchunguza na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake: chembe za mfinyanzi huo zimegandamana katika vishada vigumu, na vishada hivyo hufanya udongo upitishe maji na ujishike vizuri kuliko vipimo vilivyotabiri. Sasumua haiko Gusii na miamba yake ni mingine, lakini tabia ya kugandamana ni ya udongo mwekundu wa tropiki kwa jumla. Chati za koni zilitengenezwa zaidi kwa udongo uliotuama majini huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Udongo uliozaliwa mahali pake kwa kuoza kwa mwamba haukuwa mwalimu wao.

Jinsi ya kujua kama koni imekata udongo maji yakiwa ndani ni kuisimamisha. Mtambo husimama kwenye kina fulani na shinikizo la maji huachwa lishuke huku saa ikihesabu. Nusu ya shinikizo la ziada ikichukua dakika nyingi kupotea, mfinyanzi ulikuwa umebana na fomula ya su inafaa. Ikipotea ndani ya nusu dakika, maji yalikuwa yakitoka hata koni ilipokuwa ikisogea, na ukinzani uliosomwa ni mchanganyiko usiostahili kugawanywa kwa Nkt yoyote. Na kama hakuna shinikizo la ziada kabisa, kama ilivyo mara nyingi juu ya maji, mhandisi aiweke su kando. Kwa mteremko anahitaji sampuli nzima zilizolowekwa na kukatwa polepole maabara, ili apate msuguano na mshikamano wa chembe wenyewe, kwa hali ya mvua kubwa. Koni bado itamfaa hapo kwa kumwonyesha mwamba uliooza unaanzia wapi na tabaka dhaifu liko kina gani, ingawa ajihadhari na mawe ya duara yaliyobaki bila kuoza, ambayo huisimamisha koni au kuipinda na kumfanya adhani amefika mwambani.

Basi ripoti ya koni kutoka Kisii au Nyamira isomwe kwa kutafuta vitu vinne kabla ya kuangalia ukurasa wa uwezo wa udongo: usomaji wa sifuri wa kabla na baada, kina cha maji siku ya kipimo na tarehe yenyewe, maelezo ya angalau shimo moja la kekee, na thamani ya Nkt pamoja na kipimo kilichoizaa. Tarehe ikiwa ya Januari, uliza udongo mwekundu utakuwaje Mei. Nkt ikiwa 14 bila maelezo, jua kwamba imetoka kitabuni. Mwenye kiwanja ana haki ya kumwomba mhandisi wake arudi na kipimo cha mabawa kabla zege halijamwagwa.